Kaka yuko Florida, kacheza 3-8-5 ikatoka 8-5-3, kalipwa dola 80 badala ya 500. Je, kaibiwa?

Chalii_wa_Sakina
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa haraka kabla sijamwaibisha mtu.

Kaka yangu yuko Tampa, Florida. Huko kuna bahati nasibu ya jimbo inaitwa Pick 3. Unachagua tarakimu tatu, kila moja kuanzia 0 mpaka 9, na wanachezesha mchana na usiku. Kaka kaweka dau la dola 1 kwenye 3-8-5. Usiku ikatoka 8-5-3, yaani tarakimu zake zote zipo. Kaenda dukani na tiketi, muuzaji kaipitisha kwenye mashine, kampa dola 80. Ubao wa pale dukani umeandikwa wazi kwamba dola 1 inalipa dola 500.

Kaka anaamini muuzaji kamla dola 420. Anataka nimwandikie barua ya malalamiko kwa Kiingereza, maana mimi ndiye niliyesoma kwenye familia. Kanitumia picha ya tiketi. Imeandikwa 3-8-5, chini yake BOX, kisha $1.00. Wanaojua michezo hii wanisaidie, nitaandika barua usiku huu.

Mbeba_Mizigo_Kilombero
Hiyo ni kodi chalii. Hata sisi huku mkeka ukitiki wanakata kodi ya ushindi kabla hujaona hela. Mwambie kaka ako aombe risiti ya kodi.

Chalii_wa_Sakina
Kodi ya 420 kwenye 500 mkuu? Hiyo si kodi, huo ni mnada.

Mzee_wa_Uru
Kijana, usiandike hiyo barua. Muuzaji kamlipa kaka yako sawasawa, mpaka senti ya mwisho.

Nilikaa New Jersey miaka mingi, na kwa muda mrefu nilisimama nyuma ya kaunta ya duka lenye mashine ya bahati nasibu. Malalamiko kama haya nilikuwa nayasikia kila wiki, na karibu yote yalianzia kwenye ile karatasi ya kujaza. Karatasi ina safu tatu za tarakimu, halafu chini kuna vijumba vya kuchagua aina ya dau. Watu wanajaza tarakimu kwa makini sana, wanaomba Mungu, halafu wanapofika kwenye vijumba vya chini wanaweka alama popote. Lakini hapo chini ndipo bei ya zawadi inapoamuliwa.

Ukiweka alama kwenye STRAIGHT, straiti, unasema tarakimu zitoke kwa mpangilio uleule ulioandika. 3, kisha 8, kisha 5. Ikitoka 8-5-3 umeliwa, hupati kitu. Ile dola 500 ya kwenye ubao ni ya straiti. Ukiweka alama kwenye BOX, boksi, unasema mpangilio haukuhusu mradi tarakimu ziwe hizo tatu. Kaka yako alicheza boksi. Kama angecheza straiti, siku hiyo angetoka mikono mitupu.

Chalii_wa_Sakina
Shikamoo mzee. Kumbe 80 ndiyo malipo halali? Mbona pengo ni kubwa hivyo?

Mzee_wa_Uru
Marahaba. Chukua kalamu uandike mipangilio yote ya tarakimu zake: 385, 358, 835, 853, 538, 583. Ni sita. Namba zinazoweza kutoka kwa jumla ni 1,000, kuanzia 000 mpaka 999. Mwenye straiti ana namba moja kati ya hizo 1,000. Mwenye boksi ya tarakimu tatu tofauti ana sita. Nafasi yake ni mara sita ya mwenzake, kwa hiyo zawadi nayo inagawanywa kwa sita.

Namba_ni_Dili
Hapa ndipo nawaambiaga watu siku zote, boksi ndiyo mchezo wa wajanja. Nafasi 1 kati ya 1,000 na nafasi 1 kati ya 167 ni mbingu na ardhi. Mwenye straiti anawachangia wenzake tu. Kaka aendelee na boksi, baada ya muda atakuwa juu.

Mzee_wa_Uru
Hiyo 1 kati ya 167 umeipata sawa. Hilo la kuwa juu baada ya muda ndilo sikubaliani nalo, na ndilo lililowamaliza wateja wangu wengi.

Tuchukulie mtu anacheza dola 1 kila siku kwa mwaka mzima. Katoa dola 365. Akicheza straiti, uwezekano wa kushinda angalau mara moja ndani ya mwaka huo ni kama 31 kwa 100. Akicheza boksi ya namba sita unapanda mpaka kama 89 kwa 100. Unaona kwa nini mwenye boksi anajiona mjanja? Karibu kila mwaka atashika hela mkononi. Lakini kwa wastani atashinda mara mbili hivi, na kila ushindi ni dola 80. Mara mbili ni 160. Katoa 365, zimerudi 160 au zaidi kidogo. Mwenye straiti naye kwa wastani zinamrudia kama 180, ila yeye zinakuja kwa mkupuo mmoja wa 500 baada ya miaka, au zisije kabisa.

Boksi inabadilisha mwendo wa kupoteza. Yenyewe hairudishi hela zaidi. Kwa kweli Florida inarudisha pungufu kidogo kuliko straiti.

Dada_Mhasibu_Majengo
Mzee, ngoja hapo. Nimegawanya 500 kwa 6, napata 83 na senti 33. Wanalipa 80. Zile tatu na senti zimekwenda wapi?

Mzee_wa_Uru
Dada umeshika penyewe. Nilikuwa nasubiri mtu aulize.

Wameshusha mpaka namba ya duara. Kwa mtu mmoja ni dola tatu na kidogo, hazionekani. Lakini jaribu hivi. Una dola 6. Njia ya kwanza, unanunua straiti sita za dola moja moja, kila mpangilio wa 3-8-5 tiketi yake. Njia ya pili, unaweka dola 6 zote kwenye boksi moja. Namba zinazokupa ushindi ni zilezile sita, na hela uliyotoa ni ileile. Ikitoka 8-5-3, njia ya kwanza inakulipa 500. Njia ya pili inakulipa 80 mara 6, yaani 480.

Dola 20 zimebaki kwao bila wewe kuongezewa nafasi hata moja.

Dada_Mhasibu_Majengo
Nimeiweka kwenye karatasi. Kwa kila dola 100 zinazochezwa, straiti inarudisha 50 kwa wachezaji, na boksi inarudisha 48. Ndivyo?

Mzee_wa_Uru
Ndivyo. 500 kwa 1,000 ni nusu. 80 mara 6 ni 480 kwa 1,000.

Namba_ni_Dili
Sasa kama ni hivyo boksi ipo ya nini? Kila mtu si angenunua straiti sita?

Mzee_wa_Uru
Kwa sababu straiti sita kwa dau la chini kabisa la senti 50 ni dola 3. Mtu mwenye senti 50 mfukoni hawezi kujifunika mipangilio yote sita isipokuwa kwa boksi, na ikitoka anapata 40. Mwenye dau dogo hana njia nyingine, na hilo silibezi. Niliowahurumia ni wale wa kuweka dola 6 au 12 kwenye boksi moja kila siku. Hao walikuwa wanatupa hela waziwazi kila walipobahatika.

Kahawa_ya_Kibosho
Samahani naingilia, hili linanihusu. Mimi niko Moshi. Karibu na stendi kuna jamaa anachukua namba tatu kwa mkono. Anatumia matokeo ya hiyohiyo michezo ya nje, unayaangalia mwenyewe kwenye simu, kwa hiyo hawezi kudanganya. Dau langu ni shilingi 1,000. Kwa mpangilio kamili analipa 300,000, kwa mchanganyiko wowote analipa 40,000. Anasema yeye ni nafuu kuliko Wamarekani kwa sababu anapokea dau dogo. Nimemshinda mara mbili kwa mchanganyiko. Mnasemaje?

Dada_Mhasibu_Majengo
Kaka, kwa njia ya mzee hapo juu: mpangilio kamili analipa mara 300, na nafasi ni 1 kati ya 1,000. Katika kila shilingi 100 anarudisha 30. Mchanganyiko analipa mara 40, nafasi ni 6 kati ya 1,000. Hapo anarudisha 24. Florida kwenye boksi ni 48. Huyo jamaa yako ni ghali mara mbili.

Na angalia hii. Mara 300 ukiigawanya kwa 6 ni 50. Yeye anakupa 40. Wamarekani wamepunguza dola tatu katika 83, yeye amepunguza moja ya tano nzima.

Mzee_wa_Uru
Nikuulize swali moja, Kahawa. Ukimpelekea namba yenye tarakimu inayojirudia, tuseme 7-7-2, mchanganyiko wowote, anakulipa ngapi?

Kahawa_ya_Kibosho
40,000 hiyohiyo. Malipo yake ni mamoja kwa mchanganyiko wowote.

Mzee_wa_Uru
Basi hapo ndipo anapokunyonya vibaya zaidi.

Andika mipangilio ya 7-7-2. Kuna 772, 727, 277. Imeisha, ni mitatu tu. Nafasi yako ni nusu ya mtu mwenye tarakimu tatu tofauti, kwa hiyo malipo yanatakiwa kuwa maradufu. Florida wanafanya hivyo: boksi ya namba sita ni 80, boksi ya namba tatu ni 160. Ndiyo maana kwenye jedwali lao kuna mistari miwili ya boksi. Huyo wako analipa mara 40 kwa nafasi 3 kati ya 1,000. Katika kila shilingi 100 unarudishiwa 12.

Mtu yeyote anayekuonesha jedwali la namba tatu, tafuta kwanza mstari wa tarakimu zinazojirudia. Ukikuta boksi ina bei moja tu kwa zote, usiweke hata mia kwenye namba yenye pacha. Na namba za aina hiyo si chache. Katika zile 1,000, zenye tarakimu tatu tofauti ni 720, zenye pacha ni 270, na zenye tatu za kufanana kama 444 ni 10.

Kahawa_ya_Kibosho
Duh. Mimi nachezaga mwaka wa kuzaliwa wa mama, zile tatu za mwisho. Zina pacha.

Namba_ni_Dili
Na 4-4-4 ukiicheza boksi inakuwaje?

Mzee_wa_Uru
Haiwezekani kuwa boksi, haina cha kuchanganya. Kwa kawaida mashine yenyewe inaikataa, inakubali straiti tu. Kwa huyo wa stendi sijui, ila akiipokea kama mchanganyiko kwa mara 40, basi amechukua dau la straiti na kulilipa bei ya boksi.

Wakala_Unga_Limited
Niongeze jambo kwa Kahawa. Kuangalia matokeo kwenye simu kunathibitisha namba iliyotoka. Hakukuthibitishii kwamba utalipwa. Ukimshinda laki tatu na siku hiyo wameshinda watu kumi, atazitoa wapi? Mchezo wa namba huku kwetu unatakiwa uwe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Huyo hana tiketi, hana namba ya kumbukumbu, una nini cha kupeleka popote?

Kahawa_ya_Kibosho
Ananiandikia kwenye daftari. Mimi napiga picha ukurasa.

Wakala_Unga_Limited
Daftari ni lake kaka.

Msafiri_wa_Njiro
Nimefanya kazi na Wafilipino melini. Wao wana ya kwao ya serikali, Swertres, tarakimu tatu, mara tatu kwa siku. Tiketi peso 10, ukipatia mpangilio unalipwa peso 4,500. Boksi wanaiita rambolito, 750 kwa yenye mipangilio sita, 1,500 kwa yenye mitatu. Mzee, hizo unazionaje ukilinganisha?

Mzee_wa_Uru
Umeleta mfano mzuri. 4,500 gawanya kwa 6 ni 750 kamili. Gawanya kwa 3 ni 1,500 kamili. Hawakukata chochote njiani, kwa hiyo Mfilipino akicheza mpangilio au rambolito anarudishiwa sawa, 45 kwa 100. Kwake uchaguzi ni wa hulka tu, anataka kikubwa kwa nadra au kidogo mara kwa mara. Lakini 45 ni pungufu ya 48 ya boksi ya Florida. Boksi yao haikukatwa, na bado mchezo wenyewe ni ghali zaidi.

Wachina nao wana 3D yao, inachezeshwa kila siku. Tiketi yuan 2. Mpangilio kamili 1,040, yenye pacha 346, tarakimu tatu tofauti 173. Fanya hesabu utaona zote tatu zinaangukia 52 kwa 100. Walikata senti tu.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha michezo hii usianze na zawadi kubwa iliyoandikwa ubaoni. Tafuta kwanza straiti inalipa mara ngapi ya dau, hiyo ndiyo bei ya mchezo. Kisha gawanya kwa 6 na kwa 3, ulinganishe na wanacholipa kwenye boksi, hapo utajua wamekata kiasi gani njiani.

Namba_ni_Dili
Mzee, kule New Jersey mlikuwa mnalipa ngapi?

Mzee_wa_Uru
Kule hakukuwa na bei moja, na ndiyo sababu nilisema malalamiko yalikuwa kila wiki. New Jersey walianza mchezo wao mwaka 1975, na malipo yao yanatokana na mfuko. Hela za siku zinakusanywa, sehemu inatengwa kwa washindi, wanagawana. California nao Daily 3 yao iko hivyo, na Japani Numbers3 vilevile.

Hapo namba uliyochagua inaanza kuwa na maana, ila kwa malipo tu. Kuna mama mmoja mteja wangu alikuwa anacheza 1-2-3 kila siku. Siku ilipotoka alifurahi mpaka akalia. Kesho yake kaja kuchukua hela akakuta malipo ni madogo kuliko alivyozoea kusikia, kwa sababu 1-2-3 inapendwa na watu wengi mno. Nafasi ya 1-2-3 na nafasi ya 8-0-6 ni ileile, 1 kati ya 1,000. Lakini 8-0-6 ikitoka mnagawana wachache.

Florida, New York na kwingine kwenye bei ya kudumu, hilo halimpati mchezaji. Tarehe 11 Septemba 2002, mwaka mmoja kamili baada ya lile shambulio, mchezo wa jioni wa New York ulitoa 9-1-1. Maelfu walikuwa wameicheza, na wote walilipwa bei ileile ya siku zote. Kwenye mfuko wangegawana makombo.

Mama_Ntilie_Kaloleni
Mimi sielewi hesabu zenu ila 9-1-1 kutoka siku ya 9-1-1 haiwezi kuwa bahati. Wanaziamrisha hizo mashine.

Mzee_wa_Uru
Dada, iliwahi kuamrishwa kweli, lakini mahali pengine. Pennsylvania, Aprili 1980. Walidunga rangi ndani ya mipira yote ili iwe mizito, isipokuwa ya 4 na 6. Mizito haikupanda, kwa hiyo namba ilibidi itokane na 4 na 6 tu. Mipangilio ni minane: 444, 446, 464, 644, 466, 646, 664, 666. Wenyewe walikwenda kuinunua minane yote, na ikatoka 666. Walikamatwa kwa sababu hela nyingi zilikuwa zimelundikana kwenye namba hizo nane. Udanganyifu wa aina ile unaacha alama kwenye mauzo. Siku ya 9-1-1 mauzo yanaelezeka, ni tarehe iliyokuwa kichwani mwa kila mtu, na namba ile ina nafasi yake ya 1 kati ya 1,000 kila jioni kama nyingine.

Mama_Ntilie_Kaloleni
Mh. Mimi bado.

Namba_ni_Dili
Nina la mwisho. Kama nataka kuwinda ile 500 lakini naogopa kukosa kwa mpangilio, si kuna dau la nusu kwa nusu?

Mzee_wa_Uru
Lipo, straiti na boksi kwenye tiketi moja. Kwa dola 1, senti 50 zinakwenda huku na 50 kule. Ikitoka kama ulivyoandika unalipwa 250 na 40, jumla 290. Ikitoka kwa mpangilio mwingine unapata 40. Marejesho yake yanakaa katikati, 49 kwa 100. Hakuna siri ndani yake, ni tiketi mbili zilizobanwa pamoja.

Chalii_wa_Sakina
Wakuu, nimempigia kaka. Mwanzo kawaka, kaniambia nimekula njama na muuzaji. Nikamwandikia ile mipangilio sita na zile hesabu za dada mhasibu, kanyamaza, halafu kasema hakuwahi kugeuza tiketi kusoma nyuma. Barua nimeifuta.

Ila kaleta lingine. Anasema pale dukani muuzaji huwa anamshawishi aongeze Fireball. Dau linakuwa maradufu, halafu wanatoa mpira mmoja wa ziada, na tarakimu yake unaweza kuibadilisha na mojawapo ya zile tatu zilizotoka ili ushinde. Anauliza kama hiyo ni nafuu kuliko kununua straiti ya pili.

Mzee_wa_Uru
Fireball ina jedwali lake la malipo, dogo kuliko la kawaida, na linatofautiana kati ya straiti, boksi ya sita na boksi ya tatu. Siwezi kumhesabia kwa kukisia. Mwambie apige picha ya jedwali lote la malipo, hasa mstari wa Fireball na boksi yenye pacha, uiweke hapa. Dada mhasibu aanze, mimi nitakagua.

Dada_Mhasibu_Majengo
Niko tayari. Kahawa, na wewe muulize huyo wa stendi 4-4-4 anailipaje.

Kahawa_ya_Kibosho
Nimemuuliza kwa simu sasa hivi. Anasema anaipokea mchanganyiko, mara 40.